Bei ya Kiatu Ihesabiwe kwa Siku Kinazovaliwa

Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukisha kutoka, njia zielekeazo soko la Owino mjini Kampala hujaa watu kuliko siku nyingine. Wengi miongoni mwao huenda kutafuta viatu, na wengi wa hao walikuwa huko huko miezi michache iliyopita, wakitafuta viatu vivyo hivyo. Jambo hili limekuwa la kawaida hata hatulioni tena. Sisi twaona kwamba lafaa kuangaliwa upya, kwa kuwa linakula fedha za nyumba nyingi kidogo kidogo, bila ya mwenye nyumba kujua zimekwenda wapi.

Yuko mwalimu mmoja tumfahamuye ambaye huenda shuleni kwa miguu kila siku. Alinunua viatu vyeusi vyenye kung'aa kwa shilingi 60,000. Mvua za Machi zilipoanza, soli ilifunguka upande wa vidole. Alivipeleka kwa fundi viatu akaaye barazani, naye fundi alivigeuza mara mbili, akavikunja, kisha akasema: "Mwalimu, hivi havishiki uzi. Nikivishona leo, kesho vitachanika pembeni ya mshono." Mwalimu akalipia gundi, akavivaa juma moja, akarudi dukani kununua vingine. Alipokuja kutusimulia tulimwuliza: je, viatu vile vilikugharimu kiasi gani? Akajibu shilingi 60,000. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia.

Bei ya kitu kivaliwacho haijulikani mpaka kigawanywe kwa idadi ya siku kilizovaliwa. Viatu vya mwalimu huyu vilivaliwa yapata siku 120. Ukigawanya shilingi 60,000 kwa 120, wapata shilingi 500. Basi mwalimu alikuwa akilipa shilingi 500 kila asubuhi alipofunga kamba za viatu vyake. Hiyo ndiyo bei yake halisi, nayo ndiyo iwezayo kulinganishwa na bei ya viatu vingine.

Sasa na tuchukue jozi nyingine, ya ngozi tupu na soli iliyoshonwa, nyeusi, isiyo na pambo lolote. Tuseme yauzwa kwa shilingi 240,000, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Mtu asiye na subira atasema kwamba hiyo ni ya matajiri. Mwenye hesabu atauliza kwanza: itavaliwa siku ngapi? Tuseme soli yake ya kwanza yaenda siku 320 kwa mtu atembeaye. Hapo wengi hukosea. Soli ikiisha, wao hutupa kiatu kizima. Mtu akifanya hivyo, amelipa shilingi 240,000 kwa siku 320, yaani shilingi 750 kwa siku. Amepata hasara kubwa kuliko mwalimu wetu, japo alisifiwa kwa kununua kitu kizuri.

Lakini akimpelekea fundi abadilishe soli kwa shilingi 50,000, apata siku nyingine 320. Tukiongeza dawa ya viatu ya muda wote huo, tuseme shilingi 26,000, jumla ni shilingi 316,000 kwa siku 640. Hiyo ni karibu shilingi 494 kwa siku, sawasawa na viatu vya bei rahisi. Akibadilisha soli mara ya pili, jumla yafika shilingi 380,000, dawa ikiwemo, kwa siku 960. Sasa ni shilingi 396 kwa siku. Katika siku hizo 960 mwalimu wetu angalikwisha kununua jozi nane, kwa shilingi 480,000. Tofauti ni shilingi 100,000, nayo karibu yote imetoka katika soli ya tatu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Faida ya kitu bora haimo katika ughali wake, wala katika jina lililoandikwa juu ya sanduku. Imo katika uwezo wake wa kutengenezwa tena. Kiatu ghali kisichoweza kubadilishwa soli ni kiatu cha bei rahisi kilichovishwa bei ya juu.

Je, mnunuzi atakitambuaje kiatu kitakachokubali kutengenezwa? Kwanza na aangalie mahali ambapo soli inakutana na sehemu ya juu. Viatu vingi vya bei rahisi hushikwa kwa gundi tu. Vingine hushonwa kwa uzi upitao katika soli hata ndani ya kiatu. Ukiingiza mkono utaugusa mshono chini ya kitambaa cha ndani, au utauona. Vilivyo bora zaidi kwa kutengenezwa ni vile vyenye ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka ukingo. Ukanda huo hushonwa na sehemu ya juu, kisha soli hushonwa na ukanda. Fundi akitaka kuondoa soli hukata mshono wa nje tu, asiiguse ngozi ya juu hata kidogo.

Lakini mnunuzi na awe na hadhari. Viwanda vingine hupiga chapa ya nyuzi juu ya ukingo wa plastiki, ionekane kana kwamba kiatu kimeshonwa. Kigeuze uangalie chini: mshono wa kweli aghalabu huonekana ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa katika soli. Hata usipouona, uguse ule wa ukingoni kwa ukucha. Uzi wa kweli huwa na msokoto, na chapa ya plastiki huwa laini.

Pili, na aangalie ngozi yenyewe. Vuta ulimi wa kiatu utazame ukingo wake uliokatwa. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizofumana zenyewe, kama vumbi la sufi. Ngozi ya bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa utando. Utando huo hupasuka pale mguu unapokunjika, kisha hubanduka vipande vipande, wala hakuna dawa ya viatu iwezayo kuuponya. Ndiyo maana yule fundi wa barazani alisema havishiki uzi.

Kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Soli nyingi laini na nyepesi za siku hizi hutengenezwa kwa poliurethani, na nyingi za aina hiyo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata zisipovaliwa. Mtu hununua jozi mbili kwa kuwa zilikuwa rahisi, akaihifadhi moja chini ya kitanda, na baada ya miaka kadhaa akiitoa soli yamomonyoka kama mkate mkavu. Basi kununua vingi na kuweka si akiba.

Na hapa hatuna budi kusema neno juu ya mitindo. Kiatu chenye ncha ndefu au rangi ya msimu, kilichonunuliwa kwa shilingi 90,000 na kuvaliwa mara 15 mpaka mwenyewe akaona haya kukivaa, kimemgharimu shilingi 6,000 kila alipokivaa. Katika nyumba nyingi, kiatu kilicho ghali kupita vyote ni kile kisichotoka chini ya kitanda. Kiatu cheusi cha kawaida hakina sifa nyingi barabarani, lakini chafaa kazini, kanisani, msikitini na msibani, na kwa hiyo hesabu yake ya siku hupanda kila juma.

Aliyenunua kitu bora amepewa kazi pia. Ngozi hunywa jasho, nayo yahitaji siku moja nzima kukauka. Mwenye jozi mbili akizivaa kwa zamu, kila moja humpa siku nyingi zaidi kuliko kama angalivaa moja mfululizo mpaka iishe. Kiatu kilicholowa mvua kisiwekwe karibu na jiko wala juu ya bati lenye jua kali, kwa maana ngozi ikaukayo kwa haraka hukakamaa na kupasuka. Kijazwe karatasi za gazeti, hata hili hili ukisha kulisoma, kikae kivulini. Kisigino nacho kibadilishwe kabla ya kulika mpaka kwenye mbao au ngozi yake, na soli kabla ya kufikia ukanda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kiatu chenye ukanda jambo hili ni wazi kabisa: ukanda ukisha kulika, kazi ya fundi yawa kubwa maradufu na pengine haiwezekani.

Tunajua swali litakalofuata. Mwalimu mwenye mshahara mdogo atazitoa wapi shilingi 240,000 kwa siku moja? Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulipuuza. Maskini hanunui kiatu kibaya kwa ujinga. Ananunua kwa sababu shilingi 60,000 ndizo alizo nazo. Lakini katika mivumba ya Owino hupatikana viatu vya ngozi vilivyoshonwa, vilivyovaliwa kidogo. Mtu akipata jozi kwa shilingi 90,000, akaibadilisha soli mara moja kwa shilingi 50,000, ikamwendea siku 500, amelipa shilingi 280 kwa siku. Na aikunje tu ngozi kwanza: ikiwa na mipasuko mahali pa kukunjika, aiache. Na aivae kwa miguu yote miwili na kutembea, maana kiatu kilichokwisha kufuata umbo la mguu wa mtu mwingine huumiza, na kiatu kiumizacho hakivaliwi.

Wala hatusemi kwamba kanuni hii yafaa kwa kila mguu. Gawanya shilingi 240,000 kwa zile shilingi 500 za viatu vya bei rahisi, wapata 480. Hizo ndizo siku ambazo kiatu ghali lazima kivaliwe ili kisiwe hasara, hata kabla ya kuongeza gharama ya fundi. Mtoto wa shule atakuwa amekwisha kukua kabla ya siku hizo kutimia. Huyo anunuliwe kiatu cha kadiri, kilicho imara. Vivyo hivyo kwa kiatu cha arusi moja: afadhali kuazima.

Yule mwalimu alirudi kwetu majuzi na jozi ya mivumba mkononi. Ndani ya ulimi wa kiatu ameandika kwa kalamu tarehe aliyoinunua na bei aliyolipa. Tulipomwuliza sababu, alisema kwamba ataandika pia kila shilingi atakayompa fundi, na siku kitakapokufa atagawanya. Twawashauri wasomaji wetu wafanye vivyo hivyo kwa jozi moja tu, kisha waamue wenyewe.