Alama za Herufi Katika Pakiti ya Peremende



Jamaa zetu waishio Ulaya wanapokuja likizo, aghalabu huwaletea watoto peremende laini za kutafuna. Ulaini huo mara nyingi hutokana na jelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na huko Ulaya sehemu kubwa yake hutoka kwa nguruwe. Hukumu ya nguruwe imebainishwa katika Suratul Maida, aya ya 3. Taabu inayombakia mzazi ni kwamba orodha ya viungo imeandikwa kwa lugha asiyoijua, na pengine kwa lugha nne au tano zilizofuatana. Hawezi kutafuta neno katika kamusi kabla ya kujua ni kamusi ya lugha gani.

Tuchukue mfano. Pakiti ina mistari minne, na kila mmoja unataja shira ya glukosi, sukari na jelatini:

1. syrop glukozowy, cukier, żelatyna wieprzowa
2. glukózový sirup, cukr, vepřová želatina
3. glukozni sirup, šećer, goveđa želatina
4. glikoz şurubu, şeker, sığır jelatini

Mstari wa kwanza una herufi z yenye nukta moja juu. Tukiona pia w mara kwa mara, pamoja na jozu za herufi kama rz, sz na cz, basi hicho ni Kipolandi. Katika maandishi marefu zaidi tungeiona pia l iliyokatwa na kistari, yaani ł. Neno "wieprzowa" maana yake ni ya nguruwe.

Katika mstari wa pili, z haina nukta bali ina kikofia kilichopinduliwa. Kikofia hicho hutumiwa na lugha nyingi, kwa hiyo peke yake hakitoshi. Kinachoamua ni r yenye kikofia, ř, ambayo ni alama ya Kicheki. Jirani yake, Kislovakia, hana herufi hiyo. Yeye huandika "bravčová želatína". Maneno yote mawili, "vepřová" na "bravčová", yanamaanisha nguruwe.

Mstari wa tatu una ć yenye kistari kilichoinama, na đ iliyokatwa na kistari. Zikikutana hizo mbili, tumo katika lugha ya Bosnia na jirani zake. "Goveđa" ni ya ng'ombe. Ya nguruwe ingeandikwa "svinjska".

Mstari wa nne una s yenye mkia chini, g yenye kikombe juu, na i isiyo na nukta, yaani ı. Hicho ni Kituruki. Kiazabaijani nacho kina herufi hizo tatu, lakini hujitambulisha kwa ə, ambayo ni kama e iliyopinduliwa, na Kituruki hakina herufi hiyo. "Sığır" ni ng'ombe, na nguruwe ni "domuz".

Mzazi makini ataona kwamba mistari hii haikubaliani: miwili inataja nguruwe na miwili ng'ombe. Pakiti moja ikipingana namna hiyo, isiliwe.

Zipo sehemu tatu ambapo njia hii hukosea. Kwanza, baadhi ya wachapaji huangusha alama, hasa katika herufi kubwa, na "šećer" ikawa SECER. Hapo tutegemee jozu za herufi: sz pamoja na gy bila w huelekeza kwenye Kihungari, ambako nguruwe ni "sertés"; xh na gj, pamoja na ë nyingi, ni Kialbania, ambako nguruwe ni "derr".

Pili, lugha si nchi. Wabosnia, Wakroatia na Waserbia hutumia ć na đ zile zile, na Kijerumani huandikwa Ujerumani, Austria na Uswisi. Tena maandishi hutuonyesha mahali bidhaa inapouzwa, si lazima mahali ilipotengenezwa. Kwa hiyo kuona Kituruki au Kibosnia kusitufanye tudhani kwamba kilichomo kimetoka mikononi mwa Waislamu.

Tatu, jelatini ikitajwa bila mnyama, bado hatujui asili yake. Na ikitajwa ya ng'ombe, herufi hazituelezi alichinjwa vipi. Hapo tutafute muhuri wa halali wenye jina la taasisi iliyoutoa, na tukiukosa, tuache chenye shaka.

Wabillahi tawfiq.