Picha ya tatuu isikudanganye

Binti wa miaka 24 alimwonyesha mama yake picha ya mkono wake ukiwa na tatuu ya tawi la waridi lenye maua ya njano. Alikuwa hajachorwa bado. Mchoro aliubandika kwa kutumia simu.

"Mwanangu, mbona imekaa kama stika ya daladala?" mama akauliza.

Jicho la mama halikukosea. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi. Sindano huupeleka tabaka la pili, hivyo tunauona kupitia tabaka la juu, lenye rangi yake. Mchoro uliobandikwa tu huifunika ngozi, ndiyo maana njano hung'aa kuliko itakavyokuwa.

Kwenye GIMP, programu ya bure ya kompyuta, mchoro huwekwa juu ya picha, kisha hali yake hubadilishwa kutoka Normal kwenda Multiply. Weupe wa karatasi hutoweka na vivuli vya mkono huonekana ndani ya mchoro. Binti alipofanya hivyo, maua yake yaligeuka kahawia, ikabaki mistari myeusi tu. Habari chungu, lakini aliipata kabla ya kulipa.

Multiply nayo ina kasoro: weusi hubaki weusi hata pale ngozi inapong'aa kwa mwanga wa dirisha. Mng'ao hutoka juu ya ngozi, kwa hiyo hupita juu ya wino pia. Kushusha Opacity hadi karibu 85 huurudisha kiasi.

Kazi kubwa zaidi ni mviringo wa mkono. Mkono wa binti, chini kidogo ya kiwiko, una mzunguko wa sentimita 24, na mchoro una upana wa sentimita 9. Ukizungushwa hapo, anayetazama kwa mbele ataona kama sentimita 7 tu. Upungufu huo hautokei sawasawa: katikati hubaki karibu kama ulivyo, kingo ndizo hubanwa. Kupunguza mchoro wote kwa kipimo kimoja ni kosa. Kifaa cha Warp Transform husukuma kingo kidogo kidogo kuelekea ndani. Majani ya pembeni yakiwa mapana sawa na ya katikati, mkono utaonekana bapa kama ubao.

Picha yenyewe ipigwe mchana bila flashi, rula ikiwa kando ya mkono ili vipimo viwe vya kweli. Mkono uning'inie kawaida, maana kiganja kikigeuzwa, ngozi ya mkono huzunguka na tawi lililonyooka hupinda. Ni vyema kupiga picha mbili, kiganja kikitazama mbele na kikitazama nyuma, na kujaribu mchoro kwenye zote.

Makovu ya kuvimba hayaonekani kwenye picha yoyote. Aliyewahi kuyapata baada ya kidonda au kutoga masikio amwone kwanza daktari wa ngozi.