Pesa za mkaguzi ziandikwe mapema

Shirika la Bukavu likiomba dola 100,000 kwa kutengeneza vyanzo vya maji, wafadhili wengi hutazamia kuona dola 5,000 hadi 10,000 za ufuatiliaji na tathmini. Pesa hizo hulipa wanaoulizia hali ya maji katika kaya kabla ya kazi, na tena mwishoni. Bila hesabu ya mwanzo, hakuna cha kulinganisha.

Mkaguzi wa hesabu kutoka nje awe na mstari wake, kwa bei aliyoandika mwenyewe: malipo yake hayapungui sana hata mradi ukiwa mdogo. Tena yeye hufika kazi ikiisha. Mkataba wake usipotiwa sahihi kabla ya mradi kufungwa, mfadhili anaweza kukataa gharama hiyo, na shirika litajilipia.