Mjomba na mizani ya bucha

Na Joyce Nashipae

Kila bucha mpya inapofunguliwa Kitengela, jamaa hufika kabla ya wateja. Mjomba ametoka Kajiado, amekaa, amesifu duka, na akiondoka anaomba kilo mbili, "tutaelewana mwisho wa mwezi." Mpwa anapima nyama, moyo ukiwa mzito.

Tupige hesabu. Tuseme mbuzi amenunuliwa soko la Bissil kwa shilingi 8,500, na usafiri na uchinjaji ukala 500. Akitoa kilo 13 zinazouzwa 800 kila moja, mwenye bucha anapata 10,400. Kinachobaki ni 1,400, kabla ya kodi, umeme na mshahara wa kijana wa kazi. Kilo mbili za mjomba ni 1,600. Mbuzi mzima amekwisha, na hasara juu. Mjomba hajui hilo. Anaona nyama imening'inia tele na kudhani yote ni faida.

Kumfukuza si dawa. Wamaasai wenyewe walikwisha kutenga mambo haya mawili. Kuna osotua, ambapo mtu huomba kwa sababu ana shida ya kweli, naye mwenziwe hutoa kiasi kisichomwangusha, bila kuhesabiana. Na kuna esile, deni, ambalo hulipwa. Ugomvi huanza pale kilichotolewa kama deni kinapopokewa kama zawadi.

Kwa hiyo mwenye bucha ajilipe mshahara kila wiki, autie kwenye simu yake, mbali na nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka. Ukarimu wote utoke kwenye mshahara huo. Mjomba akija, amwambie: "Mjomba, nyama hii ndiyo mbuzi wa kesho. Lakini nusu kilo hii nakununulia mimi." Kisha alilipe duka palepale, mjomba akiona. Heshima imebaki, na mtaji pia.

Kukiwa na msiba au mgonjwa, atoe anachoweza na asiandike popote. Mkopo mkubwa aupeleke kwenye chama cha familia, mbele ya mashahidi, kwa tarehe inayojulikana. Akijikuta anakopa ili anunue mbuzi huku daftari limejaa majina ya jamaa, ajue duka limeanza kufa.

Mjomba aliyeuza ng'ombe ili bucha ifunguliwe ni habari nyingine. Huyo haombi bure. Wakae naye, mzee mmoja akiwapo, wakubaliane kama ng'ombe yule alikuwa zawadi, mkopo au hisa, na malipo yaanze.

Wengi huogopa kwamba kukataa kutavunja undugu. Mimi naona deni lisilolipwa ndilo linalouvunja: mjomba anaanza kupitia barabara nyingine, na harusini hamsalimiani. Afadhali nusu kilo ya wazi leo kuliko kilo mbili zitakazowafanya mkimbiane miaka yote.