Nusu ya Nyumba si Nyumba: X ya Kijani na Fidia Inayosahau Kilichobaki

Katika miji ya Tanzania kuna herufi moja ambayo hata asiyejua kusoma anaielewa. Ni X inayochorwa kwa rangi ukutani. Ikiwa nyekundu, mwenye nyumba huhesabiwa kuwa mvamizi wa hifadhi ya barabara, na hutakiwa abomoe kwa gharama zake bila kulipwa hata senti. Ikiwa ya kijani, barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili fidia. Mjadala wetu wa umma umekwama kwenye tofauti ya rangi hizo mbili. Ninakusudia kuuliza swali lingine: huyu wa kijani, tunayemwona kuwa mwenye bahati, analipwa nini hasa pale mstari unapopita katikati ya nyumba yake?

Kwanza tuelewe mstari huo umetoka wapi. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliisogeza hadi mita 30. Zile mita 7.5 za nyongeza ndizo zilizozalisha X za kijani, kwa kuwa ndani yake walikuwamo watu waliojenga kihalali kabla ya sheria kubadilika. Ipo pia barabara yenye historia yake ya pekee. Katika Barabara ya Morogoro, eneo la Kimara kuelekea Kiluvya, serikali ilishikilia kwamba hifadhi ni mita 121.5 kila upande kwa msingi wa sheria ya kikoloni ya mwaka 1932. Nyumba zikabomolewa mwaka 2017 bila fidia, kisha ukafuata upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Wengi wa waliobomolewa walikuwa na umeme, maji na risiti za kodi. Dola iliyoweza kuwapata kwa ankara ilishindwa kuwapata kwa onyo. Jeraha hilo linastahili makala yake. Leo nabaki na wale ambao hata serikali inakiri kwamba ina deni kwao.

Sheria zetu kwa maandishi si mbaya. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza kunyang'anywa mali bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inataka notisi ichapishwe katika Gazeti la Serikali, na mwenye ardhi asitakiwe kuondoka kabla ya wiki 6 kupita, isipokuwa pale dharura inapothibitishwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza vijenzi vyake: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya miezi 36, na faida ya biashara iliyopotea, nayo ya miezi 36.

Sasa tuipeleke sheria hiyo kwenye nyumba moja. Mfano ni wa kubuni, lakini yeyote aliyepita Mbagala au Gongo la Mboto ataitambua nyumba yenyewe. Imejengwa kando ya barabara kuu, ukingo wa baraza ukiwa mita 24 kutoka katikati ya barabara. Mbele kuna baraza la mita 2, kisha fremu tatu zenye kina cha mita 4. Nyuma ya fremu kuna sebule, vyumba vitatu na jiko. Fremu mbili zimepangishwa kwa shilingi 150,000 kila moja kwa mwezi. Ya tatu ni duka la mwenye nyumba, na humwachia faida ya shilingi 400,000. Mstari wa mita 30 unaangukia juu ya ukuta unaotenganisha fremu na sebule. Baraza na fremu zote zinakwenda; nyumba ya kulala inabaki.

Mthamini anafika na futi kamba yake. Anapima kinachoanguka: kuta, bati, sakafu, milango ya chuma. Kwa kawaida majengo ya aina hii huthaminiwa kwa gharama ya kuyajenga upya, ikipunguzwa kwa uchakavu. Tuseme anapata milioni 21. Posho ya usumbufu hufuata wastani wa riba ya amana za benki za miezi 12. Ikiwa asilimia 8, inaongezeka milioni 1.68. Kwenye faida ya duka, 400,000 mara 36 ni milioni 14.4. Lakini hapo mthamini anauliza hesabu zilizokaguliwa. Muuza unga na sabuni hana mkaguzi wa hesabu, ana daftari. Kanuni inasema hesabu zilizokaguliwa zitumike pale inapolazimu na inapowezekana. Sharti hilo laini likishageuzwa kuwa ukuta, milioni 14.4 zinageuka sifuri. Posho ya makazi na ya usafiri? Mwenye nyumba anaweza kuambiwa kwamba hahami, kwa maana vyumba vya kulala vimebaki. Kodi ya fremu mbili, shilingi 300,000 kila mwezi, haionekani popote, kwa sababu gharama ya matofali haijui kwamba matofali hayo yalikuwa yakimlipia mtoto ada. Wapangaji wenyewe, fundi cherehani na kinyozi, huenda wasitokee kabisa kwenye jedwali.

Kwa hiyo karatasi inaonesha milioni 22.68. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia, mwenye mali anatia sahihi, na sote tunasema amelipwa.

Lakini greda likishamaliza kazi, tuitazame nyumba iliyobaki. Ukuta wa sebule, uliokuwa wa ndani, sasa ni wa nje. Haukujengwa kupigwa na mvua, na nyufa zimeanza pale ulipong'olewa ukuta wa fremu uliounganishwa nao. Paa lilikuwa moja: kenchi zake zilianzia ukuta wa mbele na kuishia wa nyuma. Zikikatwa katikati hazina pa kuegemea upande wa barabara, hivyo paa lote lazima lifumuliwe na kusukwa upya. Mita ya umeme ilikuwa kwenye ukuta ulioanguka. Kama tuta la barabara mpya ni refu kuliko sakafu, maji ya mvua yatashuka mlangoni. Na kwa kuwa nyumba sasa imesimama mpakani kabisa mwa hifadhi, hakuna nafasi ya kujenga fremu nyingine mbele. Kilichobaki ni jengo lililopoteza sura, uimara na kipato kwa mkupuo mmoja, na gharama ya kulirudisha katika hali ya kukalika haimo ndani ya zile milioni 22.68.

Watetezi wa utaratibu huu watasema sheria inalipia kinachotwaliwa, basi. Si kweli. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kinataka izingatiwe hasara anayoipata mwenye ardhi kwa kutenganishwa kipande kimoja na kingine, na madhara yanayoipata mali yake iliyobaki. Sheria ya Ardhi nayo inataja gharama na hasara nyingine. Mlango upo, hatuufungui. Kifungu hicho hicho kinaruhusu pia izingatiwe nyongeza ya thamani ambayo barabara italeta kwenye kipande kilichobaki, na upande huu wa mizani hausahauliki kamwe. Katika kila mkutano wa hadhara mwananchi huambiwa kwamba barabara itampandishia thamani ya kiwanja. Faida ya kesho inahubiriwa kwa kipaza sauti. Hasara ya leo haina hata safu kwenye jedwali.

Jirani zetu wamelifikiria jambo hili kwa uwazi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inasema kwamba kama kutwaa sehemu ya ardhi kutafanya sehemu iliyobaki isitoshe kwa matumizi yaliyokusudiwa, au kutapunguza mno thamani yake, Tume ya Taifa ya Ardhi ipendekeze hata hiyo iliyobaki itwaliwe. Sisemi Kenya hawana malalamiko ya fidia, wanayo tele. Nasema mwananchi wao ana kifungu cha kushika anapotamka maneno haya: chukueni yote au lipieni uharibifu.

Kuna na suala la muda, ambalo kwa X ya kijani ni adhabu ya kimyakimya. Alama huchorwa leo. Mradi huja pale fedha zitakapopatikana, pengine baada ya miaka mingi. Katika kipindi hicho mwenye nyumba haruhusiwi kuendeleza. Akiuza, mnunuzi anaiona X na kushusha bei. Akitaka mkopo, benki nayo inaiona. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imejaribu kuziba mwanya huu: uthamini hupoteza nguvu baada ya miaka 2 tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na fidia inayochelewa zaidi ya miezi 6 huzaa riba. Ni hatua njema, ila saa hiyo huanza kuhesabu baada ya uthamini kuidhinishwa. X yenyewe haina saa. Rangi inaweza kukaa ukutani hadi ipauke, na hakuna anayedaiwa riba.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya hata moja. Kwanza, kila alama iandamane na barua yenye jina la mwenye mali, umbali uliopimwa na mchoro unaoonesha mstari unakata chumba gani. Rangi ukutani haiwezi kukatiwa rufaa, barua inaweza. Pili, jedwali la fidia liwe na safu ya kilichobaki, ikijazwa na mthamini akiwa pamoja na mhandisi wa majengo. Mhandisi akisema jengo halitasimama salama, lilipwe lote. Tatu, daftari la duka, risiti za manunuzi na kumbukumbu za malipo ya simu zikubaliwe kuwa ushahidi wa faida.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa: kifungu cha 14 kiko mezani kwenu, na hakuna waraka unaowakataza kukitumia. Kwa wanafunzi na wanaharakati: mnapokwenda kwa waathirika, msiwaulize tu kama wamelipwa. Waombeni jedwali, msome safu moja baada ya nyingine, kisha mwingie ndani mtazame ukuta wa sebule. Serikali inayoweza kupima umbali wa nyumba kutoka barabarani hadi nusu mita haikosi uwezo wa kupima ilichokiacha nyuma ya mstari.