Kadi ya mahubiri humpima kwanza anayehubiri



Ndugu msomaji, jaribu jambo hili Jumatatu jioni. Muulize mtu aliyekuwa Misani jana Padre alihubiri nini. Wengi watakujibu: "Jana Padre alihubiri vizuri sana." Ukiendelea, "Alisema nini?" utasikia: "Yaani... vizuri tu." Sisemi hivi kwa kuwacheka waamini. Mimi mwenyewe, frateri niliyekaa kiti cha mbele, nimewahi kujibu hivyo hivyo.

Ndiyo maana katika baadhi ya parokia umeanza utaratibu wa kadi ya mahubiri. Ni karatasi ndogo ambayo kila familia hupewa mlangoni baada ya Misa, ikiwa na maswali matatu ya kuzungumzia nyumbani katika juma hilo. Naupenda utaratibu huu, ila nina neno juu yake. Tumezoea kuiona kadi kama msaada kwa familia inayosahau. Mimi nadhani kadi humpima kwanza anayehubiri. Maswali yakiwa mabovu, mara nyingi ni kwa sababu homilia yenyewe haikuwa na jambo moja la kusema.

Wazo la kuzungumzia mahubiri nyumbani ni la zamani. Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipokuwa akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, aliwahimiza wasikilizaji wake kwamba wakifika nyumbani wachukue Maandiko, wamwite mke na watoto, wayakusanye pamoja yale waliyosikia, ndipo warudi kwenye shughuli zao. Alijua kwamba neno lililosikiwa na watu mia kanisani bado halijazungumzwa na mtu yeyote.

Nilijifunza ugumu wa kadi hizi kwa kukosea. Kabla sijaanza masomo ya falsafa nilitumwa kufanya utume parokiani kwa mwaka mmoja, na Paroko akanipa kazi ya kuandaa maswali. Dominika ya 25 ya Mwaka A tulikuwa na Injili ya wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi: Moja, je, Mungu ni mwema kwa watu wote? Mbili, je, wewe huwaonea wivu wenzako? Tatu, tufanye nini ili tuwe Wakristo wema?

Paroko aliisoma akacheka. "Frateri," akasema, "la kwanza ni la darasa la Komunyo ya Kwanza, la pili ni la kitubio, na la tatu ni la mtaguso. La mezani liko wapi?"

Alikuwa na haki. Swali la kwanza lina jibu ndani yake. Mtoto atasema "Ndiyo" na mazungumzo yameisha. Swali la pili linageuza meza kuwa mahakama. Baba hawezi kukiri wivu wake mbele ya watoto, na mtoto akilazimishwa kukiri, atajifunza kwamba siku ya kadi ni siku ya kuumbuliwa. Mambo ya dhamiri yana mahali pake, na mahali hapo ni kwa padre, kwa siri. Swali la tatu ni pana mno hata halimbani mtu yeyote. Kila mmoja atajibu "tusali" na "tupendane", kisha ataendelea kama kawaida.

Tuliyaandika upya. La kwanza: vibarua wa asubuhi walipatana dinari moja, wakalipwa dinari moja, kwa nini basi walinung'unika? La pili: hapa nyumbani ni kazi gani hufanyika kila siku bila mtu kuiona? La tatu: kabla ya Jumamosi tutamfanyia jambo gani moja yule anayeifanya kazi hiyo?

Tazama mwendo wake. Swali la kwanza linairudisha familia kwenye Injili yenyewe, na haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati, kwa sababu saa za Injili hii ni saa zetu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Hakuna mtoto atakayehitaji kufafanuliwa kwamba aliyeanza kazi saa kumi na moja amefanya saa moja tu kabla jua halijazama. Ataona pia jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona: wa mwisho walilipwa kwanza, mbele ya macho ya wale wa asubuhi. Manung'uniko yalianzia kwenye kutazama.

Swali la pili linaingia ndani ya nyumba, lakini linauliza kuhusu kazi. Haliulizi nani mvivu wala nani mwenye dhambi. Kila mtu anaweza kulijibu, hata bibi asiyesoma, hata mtoto wa darasa la kwanza. La tatu linadai tendo moja, kwa mtu mmoja, na siku ya mwisho imetajwa. Jumamosi ikifika, familia itajua yenyewe kama imefanya au haijafanya.

Juma lile nilikuwa mgeni katika familia moja, na Jumanne baada ya chakula cha jioni walitoa kadi. Mtoto wa miaka kama minane ndiye aliyesoma maswali. La kwanza walilijadili kwa kelele na furaha. Binti mkubwa aliwatetea wazi vibarua wa asubuhi. Lilipofika la pili, baba alianza kuzungumzia jinsi anavyohangaika kutafuta riziki. Mtoto akamkatiza: "Dada ndiye anaamka saa kumi na moja alfajiri, na hakai hapa mezani."

Dada wa kazi alikuwa jikoni anaosha vyombo. Sote tulikuwa tumekaa tukizungumza juu ya vibarua, na kibarua wa nyumba ile alikuwa hatua nne kutoka mezani. Mama alinyamaza kidogo, kisha akamwita aje akae. Baadaye nilimsikia akimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba mshahara wa mwezi uliopita bado hawajampa. Sikuuliza zaidi, halikuwa langu. Ninachojua ni kwamba siku iliyofuata kulikuwa na watu sita mezani badala ya watano.

Je, rasimu yangu ya kwanza ingetufikisha pale? Nadhani isingetufikisha. Tungejibu kwamba Mungu ni mwema kwa wote, naye angeendelea kuosha vyombo.

Katika falsafa tunasoma habari za Sokrate, ambaye mama yake alikuwa mkunga. Katika maandishi ya Plato anasema kwamba naye anafanya kazi ya mama yake, ya kuwasaidia wengine wazae mawazo yao. Mkunga hazai kwa niaba ya mzazi. Swali jema linafanya vivyo hivyo: anayeuliza hajui jibu la nyumba ile, na anakubali kutolijua. Sisi mafrateri tumezoea maswali ya mtihani, ambapo anayeuliza anajua jibu na anatafuta atakayekosea. Tukipeleka maswali ya namna hiyo nyumbani kwa watu, tusishangae kadi zikikutwa zimefungia karanga.

Sasa nirudi kwa mhubiri. Kadi ikitolewa Dominika, lazima ichapwe Ijumaa au Jumamosi, kwa hiyo maswali yawe tayari Alhamisi. Maana yake ni kwamba Alhamisi mhubiri awe anajua jambo moja atakalosema. Ninaamini hii ndiyo faida kubwa ya kadi kuliko zote, na ndiyo sababu wengine hawaipendi. Ukikaa na kalamu ukashindwa kupata maswali matatu yanayofuatana, tatizo haliko kwenye kadi. Huenda homilia ina mambo matano na halina hata moja lililoshika mzizi. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika Verbum Domini namba 59 (2010), alimtaka mhubiri ajiulize mambo matatu: masomo yanasema nini, yananiambia nini mimi binafsi, na niiambie nini jumuiya hii katika hali yake halisi. Mhubiri aliyejiuliza hayo kwa kweli hatapata shida ya kuiachia familia maswali yake matatu.

Wapo wanaosema kwamba kadi ni mzigo wa ziada, kwa kuwa tayari tuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Hoja hii ni ya haki, na inajibika kwa kutofautisha kazi zake. Mara nyingi jumuiya husoma Injili ya Dominika ijayo, wakati kadi inatazama nyuma, Dominika iliyopita. Tena jumuiyani huja mtu mmoja au wawili kutoka kila nyumba, kwa kawaida mama, na hawezi kusema pale kwamba dada wa kazi hajalipwa. Kadi inafaa zaidi Jumanne au Jumatano, mradi isigongane na siku ya jumuiya, na dakika kumi na tano zinatosha.

Gharama pia si kubwa. Karatasi ya A4 ikikatwa mara nne hutoa kadi nne. Parokia yenye familia 400 itahitaji karatasi 100 kwa Dominika, ikitoa kadi moja kwa kila familia na si kwa kila mtu. Kadi moja ndiyo inayowalazimisha watu kukaa pamoja.

Naongeza mambo mawili niliyojifunza kwa kuona. Baba au mkubwa wa nyumba aseme mwisho. Akianza yeye, wengine watakubaliana naye na chakula kitapoa. La pili, parokia isikusanye majibu kamwe. Yaliyosemwa mezani yabaki mezani. Paroko aulize jambo moja tu: ni swali lipi lilishindikana kujibiwa? Likitajwa swali moja na nyumba nyingi, mhubiri atajua kwamba kosa ni lake, si lao.

Kadi haifiki kila mahali. Yupo mlinzi anayeondoka jioni na kurudi asubuhi, yupo mama anayeishi peke yake, zipo nyumba ambamo mmoja tu ni Mkatoliki. Huyo mama peke yake anaweza kumpigia simu mwanawe na kumsomea swali la pili tu.

Ndugu zangu mafrateri, kesho tutakabidhiwa mimbari. Tuanze sasa. Dominika hii, baada ya kusoma Injili, andika maswali matatu kabla hujaandika sentensi hata moja ya homilia ya mazoezi. Kisha jiulize kama yangemtoa mtu jikoni akae mezani.