Muhuri wa benki haumsajili mtoto chuoni

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu anasoma India. Mwezi uliopita mzee aliuza alizeti kule Ikungi, tukaja naye Singida mjini kulipa ada, dola 2,000. Benki (jina nalihifadhi) ikachukua shilingi zetu kwa bei yake ya kuuzia dola, ikakata na gharama ya kutuma, ikatupa karatasi yenye muhuri. Mzee akaikunja vizuri kama hati ya shamba.

Wiki ikapita. Chuo kikaandika: zimeingia dola 1,975, hasajiliwi mpaka amalizie 25. Nikarudi benki. "Sisi tumetuma zote, kaka." Na kweli walituma zote! Ila benki yetu haina akaunti kwenye benki ya chuo. Dola zinapitia benki ya kati, mara nyingi New York, nayo inajikatia chake njiani.

Nani abebe makato hayo? Kinachoamua ni kisanduku kimoja kwenye fomu. OUR, mtumaji anabeba yote. SHA, unailipa benki yako, ya mbele yanamegwa kwenye ada. BEN, yote yanatoka kwa mpokeaji. Yetu ilitikiwa SHA. Mzee hakutiki kitu, alisaini pale alipoonyeshwa kidole.

Sasa kutuma dola 25 unalipa tena gharama ya kutuma, kwetu ilizidi deni lenyewe. Na ukirudia SHA, zinakatwa tena! Safari hii tulidai OUR. Hata hiyo si kinga kamili kwa dola, maana benki ya kati inaweza kukata vilevile, kwa hiyo uliza kama benki yako inahakikisha fedha zitafika kamili.

Halafu huo muhuri. Unathibitisha kwamba fedha zimetoka kwako, basi. Ushahidi ni nakala ya ujumbe wa SWIFT wenyewe. Zamani uliitwa MT103. Tangu Novemba 2025 benki zinatumiana pacs.008, na humo SHA inasomeka SHAR. Angalia mambo mawili: namba ya mwanafunzi iwemo kwenye maelezo ya malipo, la sivyo chuo kinapokea dola zisizo na mwenyewe, na UETR, namba ndefu ya herufi na tarakimu ambayo benki inaitumia kufuatilia fedha ziko kituo gani na nani kakata. Nilipoiomba nakala, karani akanijibu "hiyo ni ya ndani". Ya ndani ya nani? Fedha za alizeti ya nani?

Msiniambie mzee angeuliza. Utaulizaje kisanduku usichojua kipo? Anayekijua ni karani, na anayelipwa kukijua ni karani. Aulize yeye, kabla ya sahihi: "Mzee, unataka zifike kamili?" Swali la sekunde tano.

Naomba kuwasilisha.